Barua kwa daktari kuhusu tumbo linalouma kwa miezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni tabibu, nimekaa miaka mingi chumba cha wagonjwa wa nje. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na watu ambao tumbo limewauma miezi kadhaa, wamezunguka zahanati na maduka ya dawa, na sasa wamepewa rufaa ya kumwona daktari bingwa. Mfano ninaoutumia ni mmoja tu, wa jirani yangu, fundi cherehani wa Morogoro mwenye miaka 47. Ameniruhusu niusimulie, na yale yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Daktari nitamwona uso kwa uso. Ya nini kuandika?

Kwa sababu ukishaketi mbele yake utaanza na maumivu ya jana. Kila mtu huanza hapo, hata sisi wenyewe tukiugua. Ukiulizwa "linauma tangu lini?" utajibu "ni siku nyingi, ila juzi ndiyo limezidi", naye ataishika hiyo juzi, kwa sababu foleni mlangoni ni ndefu na hiyo ndiyo aliyopewa.

Jirani yangu alipita mikononi mwa wahudumu wanne ndani ya miezi mitano. Wote walifanya kazi yao, na kila mmoja aliziona siku tatu au nne za mwisho. Alitibiwa taifodi mara mbili, akapewa dawa ya asidi, akapigwa ultrasaundi. Hakuna aliyeiona miezi yote mitano kwa pamoja, naye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona.

Tarehe sizikumbuki. Nitaupangaje mtiririko?

Hakuna anayezikumbuka. Anza na vitu ambavyo tayari vina tarehe: daftari la matibabu, karatasi za maabara, risiti. Fungua na simu, utafute ujumbe wa malipo uliyomtumia mwenye duka la dawa. Siku na saa vimo humo. Pasipo na karatasi, shika tukio: shule zilipofunguliwa, kumi la kwanza la Ramadhani, Pasaka, msiba wa shangazi, wiki ya kupalilia. "Wiki ya tatu ya Januari, shule zilikuwa zimeshafunguliwa" ni kauli ya kweli. "Tarehe 17 Januari" iliyobuniwa ili barua ionekane nadhifu inaweza kumpoteza anayekusoma.

Fundi wetu aliokolewa na daftari lake la oda. Alikumbuka kwamba usiku wa kwanza tumbo kumwamsha alikuwa na sketi za bluu mezani, kumi na mbili, za watoto wa familia moja waliochelewa kulipa. Akafungua daftari akakuta vipimo vya viuno vya watoto hao na tarehe ya kuchukua mzigo. Tukaipata wiki. Kisha tukaendelea kuyalinganisha madaftari yote mawili, la oda na la matibabu, ukurasa kwa ukurasa, na hapo ndipo nilipoanza kukunja uso.

Ukishapata siku zako, chora karatasi yenye safu nne: lini, tumbo lilifanya nini, nilikuwa nameza nini, nilipimwa nini na nikaambiwa nini. Ile ya tatu ndiyo watu huiacha wazi.

Naomba kuiona barua yenyewe.

Hii hapa, kama ilivyoandikwa mara ya pili. Jina na namba ya faili nimeviondoa.

"5 Juni 2025

Daktari, habari za kazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 47, fundi cherehani. Nina maumivu ya tumbo tangu Januari. La haraka ni hili: tangu juzi, tarehe 3 Juni, nimepata choo cheusi kama lami mara tatu, kinanata na kina harufu kali. Nikisimama ghafla naona kizunguzungu. Situmii vidonge vya kuongeza damu.

Maumivu yako chini ya chembe cha moyo, pahala ninapoweza kupafunika kwa vidole viwili. Yanachoma. Hayaendi mgongoni wala begani. Huja nikiwa na njaa na huniamsha kati ya saa 8 na saa 9 usiku. Nikinywa uji au kula kipande cha mkate hupoa kwa saa moja au mbili. Sijawahi kupata homa. Sijatapika damu. Hedhi yangu inakuja kwa mpango na maumivu haya hayafuatani nayo. Nilikuwa kilo 71 tarehe 10 Februari. Leo ni kilo 66.

Novemba 2024: niliumwa mgongo, nikapewa diklofenaki ya miligramu 50, kutwa mara 2 kwa siku 5. Nilipona nusu. Baadaye nikawa nainunua mwenyewe.

Katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari: msimu wa sare za shule. Nilimeza diklofenaki kila siku, vidonge 2, siku nyingine 3.

Wiki ya tatu ya Januari: tumbo lilianza. Usiku tu mwanzoni, baadaye na mchana.

10 Februari: zahanati. Kipimo cha Widal, nikaambiwa nina taifodi. Siprofloksasini siku 7. Kazi zilikuwa zimepungua, diklofenaki nilikuwa nimeacha. Baada ya wiki moja hivi nilipata nafuu.

Machi, mwezi wa Ramadhani: oda za nguo za Idi. Diklofenaki kidonge kimoja wakati wa kufuturu na kimoja wakati wa daku. Tumbo lilirudi wiki ya pili ya mfungo, kali zaidi kuanzia saa 9 alasiri, likapoa nikishafuturu.

24 Machi: kituo cha afya. Widal tena, taifodi tena. Sindano siku 5. Hakuna nafuu.

Baada ya Idi: nilipumzika kazi, sikumeza diklofenaki. Nafuu kidogo.

14 hadi 27 Aprili: omeprazoli miligramu 20 kila asubuhi. Siku ya 5 maumivu yaliisha kabisa. Tarehe 24 Aprili, bado nikiimeza, nilipimwa choo kutafuta bakteria wa tumbo. Nikaambiwa hakuna.

10 Mei: maumivu yalirudi. Nilikuwa nimeanza diklofenaki tena wiki moja kabla, oda ya sare za kwaya.

15 Mei: ultrasaundi. Ini, mfuko wa nyongo, kongosho na figo viko sawa.

Dawa ninazotumia leo: diklofenaki, ya mwisho jana asubuhi. Mwezi Machi nilikunywa pia maji ya majani ya mwarobaini kwa siku nne. Sivuti sigara, sinywi pombe. Sina mzio wa dawa ninaoujua.

Ninachoomba kujua: damu inatoka wapi, na je, mgongo nitautuliza kwa dawa gani?"

Mbona choo cheusi kimewekwa juu, wakati ndicho cha mwisho kutokea?

Kwenye rasimu yake ya kwanza kilikuwa ukurasa wa nne, chini kabisa, baada ya ultrasaundi: "pia juzi choo kilikuwa cheusi." Alikuja jioni na daftari la shule mkononi, akasema, "Dokta, naomba unisomee kabla sijalipeleka Jumatatu." Nilifika kwenye mstari ule nikiwa bado nimesimama mlangoni. Jumatatu hatukuingoja. Tuliiandika upya kwa dakika ishirini wakati mwanaye anatafuta bajaji, na usiku huohuo alikuwa hospitali. Damu yake ilikuwa gramu 8.2 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunatarajia isipungue 12.

Damu inayotoka tumboni au mwanzoni mwa utumbo husagwa njiani, na ikifika chini inakuwa nyeusi, inanata, inang'aa, na harufu yake ukishaisikia mara moja huisahau. Vidonge vya kuongeza damu navyo hukitia choo weusi, ila hakinati kama lami na hakina harufu ile. Ndiyo maana sentensi ya "situmii vidonge vya kuongeza damu" iko pale: imefunga mjadala kabla haujaanza.

Mambo mengine yasiyosubiri barua wala miadi: kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, tumbo kukakamaa ghafla kama ubao, tumbo kuvimba huku unatapika na hupati choo wala upepo, homa kali pamoja na maumivu, macho kuwa ya njano, na kwa mwanamke ambaye hedhi imechelewa, maumivu ya chini ya tumbo yenye kizunguzungu au kuzimia. Ukiwa na mojawapo ya hayo, chukua karatasi ilivyo, hata kama ina mistari miwili, uende.

Daktari aliona nini ambacho wengine hawakukiona?

Alichukua kalamu akazungushia duara neno moja kila lilipotokea: diklofenaki. Kisha akauliza, "Mama, tumbo lako linafuata cherehani?" Ukiitazama barua tena utaona. Sare za shule, tumbo. Kazi kupungua, nafuu. Nguo za Idi, tumbo. Idi ikapita, nafuu. Sare za kwaya, tumbo.

Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Bahati mbaya kemikali hizohizo ndizo zinazolifanya tumbo litengeneze ute unaolikinga na asidi yake lenyewe. Ute ukipungua, asidi inakula ukuta. Hapa watu huniambia, "lakini mimi huwa nakula kwanza." Kula kwanza hupunguza kero, hakuondoi hatari, kwa sababu dawa ikishaingia kwenye damu inalifikia tumbo kutokea ndani. Hata ukichomwa sindano ya diklofenaki badala ya kumeza, habari ni ileile.

Jambo la pili aliloliona ni ile nafuu ya Februari. Mgonjwa aliihesabu kuwa ushahidi wa taifodi: nilipewa dawa ya taifodi, nikapona, basi ilikuwa taifodi. Safu ya tatu inasema kingine. Wiki ileile aliyomeza siprofloksasini ndiyo wiki aliyokuwa ameacha diklofenaki. Machi alipotibiwa tena taifodi huku akiendelea na diklofenaki, hakuona nafuu yoyote. Bila safu hiyo, nafuu ya Februari ingeendelea kumdanganya kila atakayemhudumia.

Widal yenyewe inahitaji tahadhari. Inatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa dhidi ya bakteria wa taifodi. Askari hao wanaweza kubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha, na maambukizi mengine yanaweza kuwaamsha. Kwenye maeneo yenye taifodi nyingi, Widal moja ya kusoma "ndiyo" haitoshi kumtia mtu hatiani, hasa mtu asiye na homa. Kuotesha damu maabara ndicho kipimo chenye uzito, ila si kila mahali kinapatikana.

La tatu ni kipimo cha choo cha tarehe 24 Aprili. Kilikuwa kinatafuta H. pylori, bakteria anayeishi kwenye utando wa tumbo na ambaye, pamoja na dawa hizi za maumivu, ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Jibu lilisema hakuna. Lakini barua inaonyesha kwamba siku hiyo mgonjwa alikuwa ametimiza siku ya 11 ya omeprazoli. Omeprazoli huwapunguza bakteria hao kiasi cha kipimo kushindwa kuwaona, bila kuwamaliza. Kabla ya kupima inatakiwa kuiacha wiki 2, na antibaiotiki wiki 4. Kwa hiyo lile "hakuna" halikuwa jibu.

Hapo daktari akawa na dhana mbili zinazoishi pamoja, dawa na bakteria, na sababu nzuri ya kuomba kamera ya tumbo. Barua haikumpa jina la ugonjwa, na hiyo haikuwa kazi yake.

Niandike "nina vidonda vya tumbo" au "nina taifodi sugu"?

Andika "niliambiwa nina taifodi, kwa kipimo cha Widal, tarehe 10 Februari." Kauli hiyo ina mtu aliyesema, kipimo na siku, na daktari anaweza kuipima. "Nina taifodi sugu" inamlazimisha akubali au abishane nawe, na vyote viwili vinakula muda. Kwetu neno "vidonda vya tumbo" limekuwa kama koti la mtumba, kila maumivu ya juu ya kitovu huvalishwa hilo. Nimewahi kumpokea mtu wa "vidonda" aliyekuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mwingine ambaye ilikuwa ni moyo.

Maumivu niyaeleze kwa maneno gani?

Kwa yaleyale unayomwambia mwenzako nyumbani. Kiswahili kimetajirika sana hapa, na inanikera kuona mtu anaacha "linasokota" akaandika "nina maumivu makali ya tumbo". Linasokota ni maumivu yanayokaza, yanaachia, yanakaza tena. Mrija wenye misuli unasukuma kitu, uwe utumbo au njia ya mkojo. Linachoma au linawaka hunipeleka kwenye asidi. Linavuta kuelekea kinenani, linakata chini ya kitovu, linadunda, limejaa kama ngoma: kila moja lina mlango wake. Hakuna hata moja linalothibitisha ugonjwa, ila yanapanga nianze kutazama wapi.

Onyesha na mahali, na uwe mchoyo wa neno "tumbo", maana kwetu tumbo linaanzia kifuani na kuishia kwenye nyonga. Sema chembe cha moyo, chini ya mbavu za kulia, kuzunguka kitovu, kinena cha kushoto. Ukisema "chango", eleza unamaanisha nini; kwa bibi mmoja ni maumivu ya hedhi, kwa mwingine ni minyoo. Kisha sema kinachoyaleta na kinachoyaondoa: njaa, chakula cha mafuta, kujisaidia, kulala upande fulani. Fundi wetu alitoa habari nzuri kuliko zote alipoandika kwamba saa za jioni za mfungo zilikuwa mbaya na futari ikamtuliza. Maumivu ya njaa yanayotulizwa na chakula huelekeza kwenye kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Si kanuni ya chuma. Wapo wenye kidonda ambao chakula huwazidishia, na wapo wasiosikia chochote mpaka damu itoke.

Dawa za dukani na za kienyeji ni lazima nizitaje? Naogopa kufokewa.

Ukificha, umeiondoa safu iliyomwokoa huyu mama. Hata yeye kwenye rasimu hakuiandika diklofenaki hata mara moja. Nilipomuuliza anatumia dawa gani alijibu, "Hamna." Nikauliza tena, mgongo je? Akasema, "Ah, ile ya mgongo? Hiyo si ya tumbo." Kwake dawa ilikuwa ile aliyopewa kwa ajili ya tumbo. Watu wengi wako hivyo, wala si uongo.

Basi usiulize kichwa chako "natumia dawa gani". Uliza: nimemeza, nimepaka, nimechomwa au nimekunywa nini tangu lilipoanza, na miezi miwili kabla yake? Weka humo dawa za kichwa, za mgongo, za mafua, za kupanga uzazi, aspirini ya moyo, majani, mizizi, unga wa kwenye chupa isiyo na jina. Kama hujui dawa inaitwaje, piga picha pakiti yake pande zote mbili. Kufokewa kunaweza kutokea. Kunakwisha kwa dakika moja.

Mambo ya choo na hedhi nayaandikaje bila aibu?

Kwa ufupi na bila kuzunguka: rangi, ulaini, mara ngapi kwa siku, damu ipo au haipo. Ni rahisi kuandika kuliko kusema, na hiyo ni faida mojawapo ya barua ukiwa na mama mkwe chumbani. Hedhi weka tarehe ya siku ya kwanza kwa kila mwezi wa mtiririko wako. Maumivu yanayofika siku mbili tatu kabla yake, kila mwezi, ni hadithi tofauti kabisa na ya fundi wetu, na pasipo tarehe hizo hujificha kwa miaka.

Iwe ndefu kiasi gani? Kiswahili au Kiingereza?

Ukurasa mmoja, ikizidi sana mmoja na nusu. Lugha ni ile unayoiotea ndoto. Saa ziandike pamoja na kipindi chake, saa 8 usiku, saa 9 alasiri, kwa sababu daktari anayeandika faili kwa Kiingereza atazigeuza kichwani, na "saa 8" peke yake ikigeuzwa vibaya, maumivu ya usiku yanakuwa ya asubuhi. Nakala moja baki nayo.

Vipimo vyangu vyote vimetoka safi. Kuna haja gani?

Kipimo safi kinajibu swali lake tu. Ultrasaundi ya fundi wetu ilikuwa safi kwa haki: inaona vizuri ini, mawe ya nyongo, figo na maji yaliyojaa tumboni, lakini kidonda kwenye ukuta wa ndani wa tumbo kwa kawaida hakionekani kwa chombo hicho. Kwa hiyo usiandike "vipimo vyote viko sawa". Andika kila kipimo, siku yake, na ulikuwa unameza nini siku hiyo.

Inawezekana pia barua ikawa nzuri na chanzo kisipatikane siku ile. Matumbo mengine, hasa yale yanayouma na kutulia mtu akijisaidia, miaka nenda rudi, bila kukonda, bila damu, bila kuamsha usingizini, hutambuliwa kwa mtiririko wake kuliko kwa mashine.

Na daktari asipotaka kuisoma?

Wapo. Usimkabidhi ukanyamaza. Msomee wewe aya ya kwanza na ya pili, haichukui dakika, kisha mwambie, "tarehe na dawa zote ziko hapa chini." Omba karatasi ibanwe kwenye faili. Asipoitazama yeye, muuguzi wa zamu ataitazama, au daktari wa kesho.

Mama yule aliendeleaje?

Alilazwa, akapewa dawa ya asidi kwa mshipa, diklofenaki ikasimamishwa palepale. Kamera ilipoingia ilikuta kidonda kimoja cha kama sentimita moja mwanzoni mwa utumbo mwembamba, damu ikiwa imeshaacha kutoka. Wakanyofoa vipande vidogo vya utando wa tumbo, na safari hii H. pylori alionekana, omeprazoli ilikuwa imeshatoka mwilini zaidi ya wiki tano. Alipewa antibaiotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini, pamoja na omeprazoli kutwa mara 2 kwa siku 14, kisha omeprazoli ikaendelea hadi wiki ya 8. Vidonge vya kuongeza damu vilimtia hofu wiki ya kwanza, maana choo kilikuwa cheusi tena. Nilimkumbusha habari ya harufu.

Septemba, wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho cha omeprazoli, alipimwa choo upya. Hakuna bakteria, na safari hii jibu lilikuwa jibu. Uzito ulikuwa umerudi kilo 69. Mgongo anautuliza kwa parasetamoli, na amekipandisha kiti cha cherehani kwa vipande viwili vya mbao, kwa sababu ilionekana miaka yote alikuwa anashona ameinama kama anayetafuta sindano sakafuni. Desemba sare zilirudi. Ukutani juu ya mashine amebandika pakiti tupu ya diklofenaki, ameipiga mkasi wa kalamu nyekundu, na wateja humuuliza kama ni dawa anayouza.